Saa 316 za Kungoja, Dakika 91 za Kazi: Jinsi ya Kuchora Safari Nzima ya Mteja

Friji imeharibika ikiwa bado ndani ya waranti. Mteja anaarifu kampuni, kampuni inatuma fundi, friji inapona. Ukiuliza idara zinazohusika, kila moja itakuonyesha takwimu nzuri: simu ilipokelewa chini ya dakika moja, kesi ilikabidhiwa kwa fundi ndani ya siku mbili za kazi, fundi alifika kabla ya saa 48 kwisha, stoo ilituma kipuri kwa wakati, na mteja alimpa fundi alama 5 kati ya 5. Lakini ukimuuliza mteja, atakwambia alikaa wiki mbili bila friji na hatanunua tena bidhaa ya kampuni hiyo.

Hakuna anayedanganya hapo. Kila idara imepima kipande chake, na mteja ndiye peke yake aliyepita vipande vyote. Ramani ya safari ya mteja ni chombo cha kuona kile alichokiona yeye, kwa mpangilio alioupitia, bila kujali mipaka ya idara. Nitaifafanua kwa kuifuata kesi hiyo moja ya friji mwanzo hadi mwisho. Kesi na namba zake nimezitunga kwa ajili ya maelezo haya, ila mwenendo wake ataufahamu yeyote aliyewahi kufanya kazi upande wa huduma.

Safari inaanzia wapi

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata kalamu haijagusa karatasi. Watu wa kampuni huanza kuchora pale wao wanapoingia kwenye habari: simu inapoita. Kwa mteja, habari imeanza zamani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya ubunifu ya IDEO ilifanya kazi na shirika la reli la Marekani, Amtrak, kuhusu treni mpya za Acela. Walipoifuata safari ya abiria waliigawa katika hatua 10, na abiria alikuwa anaketi kwenye kiti katika hatua ya 8. Hatua zote za awali, kama vile kupata habari za treni, kupanga safari, kufika stesheni, kukata tiketi na kusubiri, zilikuwa zimekwisha kumpa picha ya huduma kabla hajaigusa treni yenyewe. Kama wangechora kuanzia kwenye kiti, wangepoteza sehemu kubwa ya safari.

Kwa hiyo kwenye kesi yetu tunaanza Jumamosi saa 1 asubuhi, mteja anapofungua friji na kukuta sehemu ya chini ina joto ilhali friza juu bado inagandisha. Anageuza kitufe cha baridi. Anachomoa waya, anangoja, anachomeka tena. Jumapili anatafuta kadi ya waranti, anaipata, lakini maandishi ya risiti yamefifia kwa sababu ilichapwa kwenye karatasi inayochapwa kwa joto badala ya wino. Anaingiwa na wasiwasi kwamba waranti itakataliwa. Jumatatu saa 3 asubuhi ndipo anapiga simu. Saa 50 zimepita, na kwenye kompyuta za kampuni hakuna kilichotokea.

Mwisho nao una mtego uleule. Kwa kampuni, safari inaisha fundi anapofunga kesi. Kwa mteja inaisha siku kadhaa baadaye, anapoacha kufungua friji kila baada ya muda kupima kwa mkono kama bado inapoa. Ramani ifike hadi hapo.

Kukusanya ushahidi kabla ya kuchora

Nina msimamo mkali kwenye jambo hili moja. Ramani iliyochorwa na watu wa ofisini wakiwa wamejifungia chumbani, wakibandika vikaratasi vya rangi ukutani na kukisia mteja anajisikiaje, ni picha ya mawazo yao. Huwa inapendeza, na huwa inathibitisha yale waliyokuwa wakiyaamini tangu mwanzo. Ikitumika kama dhana ya kwenda kuijaribu, haina ubaya. Ikitumika kama ushahidi, itawapeleka kurekebisha mahali ambapo hapaumi.

Ushahidi una vyanzo viwili, na lazima vikutane. Cha kwanza ni kumbukumbu za mifumo: muda simu ilipoingia, muda kesi ilipobadilishwa hali, muda kipuri kilipotoka stoo. Chukua kesi chache zilizofungwa hivi karibuni za aina moja ya tatizo, kumi zinatosha kwa kuanzia, na kwa kila moja panga matukio kwa tarehe na saa kwenye mstari mmoja. Kazi hii inachosha kwa sababu kila idara ina mfumo wake na mara nyingi namba ya kesi hubadilika inapovuka mpaka. Kubadilika huko tayari ni ugunduzi: pale ambapo wewe mwenyewe unapotea ukitafuta kesi, mteja naye alipotea.

Chanzo cha pili ni mazungumzo na wateja wenyewe. Usiulize, "Kwa kawaida huwa unafanyaje?" Swali hilo huzaa majibu ya jumla, yaliyosafishwa. Uliza, "Siku ile friji ilipokataa, ulijuaje? Ukafanya nini? Halafu?" Kisha nyamaza. Omba kuona meseji alizopokea na alizotuma, picha alizopiga, karatasi alizoandika. Vitu hivyo vina tarehe, na vinasema mambo ambayo mdomo umeyasahau.

Vyanzo hivi vinahitajiana kwa sababu kumbukumbu ya mtu haipimi muda kama saa ya ukutani. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walitumbukiza mkono kwenye maji baridi ya nyuzijoto 14 kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 hizohizo zikifuatwa na 30 zaidi ambazo maji yalipandishwa taratibu hadi nyuzijoto 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, ambalo kwa jumla lina maumivu zaidi lakini linaisha kwa unafuu kidogo. Mtu hukumbuka kilele cha maumivu na namna mambo yalivyoisha, urefu wake huufifisha. Ndiyo maana mteja wetu, aliyefurahi kuona friji imepona mikononi mwa fundi mpole, atakusimulia siku zile kwa namna tofauti na kumbukumbu za mfumo. Usimkatalie simulizi yake wala usitupe tarehe. Viandike vyote viwili, kimoja juu ya kingine.

Kilichotokea kwenye kesi ya friji

Jumatatu saa 3 asubuhi simu inapokelewa baada ya sekunde 40. Mazungumzo yanachukua dakika 12. Mteja anaeleza vizuri kabisa: "Friza juu inagandisha, lakini huku chini hakuna baridi, na kuna barafu imejaa ukutani kwa nyuma." Mhudumu anamsikiliza kwa adabu, kisha anachagua kwenye orodha ya kompyuta: "Friji haipoi." Orodha haina chaguo lingine. Anamalizia kwa kusema, "Fundi atakupigia."

Jumanne saa 9 alasiri kesi inakabidhiwa kwa fundi. Mteja hajui. Jumatano anapiga tena, dakika 9, kuuliza fundi atakuja lini. Anaambiwa ni kesho, kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni. Anaomba ruhusa kazini na kukaa nyumbani. Alhamisi saa 8 mchana fundi anafika, anafungua kifuniko cha nyuma ndani ya friza, anakuta barafu imeziba mabomba ya kupoza na feni haiwezi kusukuma hewa baridi kwenda chini. Hita ya kuyeyusha barafu imeungua. Dakika 20. Hana hita hiyo kwenye gari, kwa sababu karatasi yake ilisema tu "friji haipoi", na maneno hayo yanaweza kumaanisha kompresa, gesi, kidhibiti joto, feni au mlango usiofunga vizuri. Anaagiza kipuri na kuandika kwenye simu yake: "Ziara imekamilika." Jioni mteja anapokea meseji ya kumwomba ampime fundi. Anampa 5, kwa kuwa fundi hakuwa na kosa.

Ijumaa maombi ya kipuri yanaidhinishwa. Jumatatu stoo inatuma. Jumatano saa 6 mchana kinafika. Ijumaa saa 4 asubuhi fundi anarudi, na saa 5 kasoro dakika 10 kazi imekwisha. Baada ya hapo mteja anakaa dakika kumi akisikiliza feni kabla ya kumruhusu fundi kuondoka.

Sasa piga hesabu. Tangu Jumamosi saa 1 asubuhi hadi Ijumaa ya pili saa 5 ni saa 316. Muda ambao mtu wa kampuni alikuwa anashughulika na mteja au friji yake ni dakika 12, na 9, na 20, na 50: jumla 91. Zilizobaki ni kungoja. Na kungoja kwenyewe hakukutawanyika sawasawa. Kuanzia ziara ya kwanza hadi ya pili ni saa 188, zaidi ya nusu ya safari yote.

Kila lengo lilitimizwa kwa sababu kila idara ilianza kuhesabu upya kesi ilipoifikia. Saa 48 za fundi zilihesabiwa mara mbili, kila mara kuanzia sifuri. Saa ya mteja haikusimama hata mara moja. Ukitaka kujua kama kampuni ina ugonjwa huu, tafuta kipimo kimoja tu: muda tangu mteja alipoona tatizo hadi tatizo lilipoisha. Kama hakuna mtu mwenye namba hiyo, kero zimejificha kwenye maungio ya idara, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyatazama.

Chini ya mstari

Mwaka 1984 Lynn Shostack, mtaalamu wa masoko aliyetokea kwenye sekta ya benki, alionyesha namna ya kuchora huduma kama fundi anavyochora mashine. Mfano wake ulikuwa wa mtu anayeng'arisha viatu. Alizipanga hatua kwa zamu, akaweka muda wa kila moja, akatia alama mahali kosa linapoweza kutokea, kwa mfano kupaka dawa isiyo ya rangi ya kiatu, kisha akapitisha mstari unaotenganisha anachokiona mteja na kisichoonekana, kama vile kununua dawa na vitambaa. Mstari huo bado ndio kitu chenye manufaa kuliko vyote kwenye karatasi.

Kwenye ramani ya friji, juu ya mstari andika anachofanya mteja, anachojiuliza na kitu anachokutana nacho. Chini andika nani alikuwa ameishika kesi, alijua nini wakati huo, na alikuwa anangoja nini. Swali la "alijua nini" huachwa kwenye ramani nyingi, na ndilo lililofungua kesi yetu. Fuata sentensi ya mteja kuhusu barafu ukutani: Jumatatu saa 3 ilikuwepo masikioni mwa mhudumu. Saa 3 na dakika 12 ilikuwa imepotea. Fundi aliipata tena Alhamisi, kwa kufungua friji. Kampuni ilingoja siku tatu na kutuma gari kwenda kujua jambo ambalo ilikuwa imeambiwa bure.

Kero yenyewe, basi, inaonekana Alhamisi, mteja anaposikia "nitaagiza kipuri" na uso kumshuka. Chanzo chake kiko Jumatatu, kwenye orodha ya machaguo ya kompyuta, chini ya mstari, katika hatua ambayo mteja alitoka akiwa ameridhika kabisa na mhudumu. Kama kampuni ingechora peke yake mstari wa hisia, ule unaopanda na kushuka kadiri mteja anavyojisikia, ikaona umeporomoka Alhamisi, ingewapeleka mafundi kwenye mafunzo ya lugha nzuri. Mahali panapouma na mahali palipovunjika ni nadra kuwa pamoja. Ukishaona maumivu, rudi nyuma kwenye ramani hatua baada ya hatua, ukiuliza kila mara: kungekuwa na taarifa gani hapa ili yale yasitokee?

Wazo hutoka wapi

Watu husema ramani huzaa mawazo, na husahau kueleza namna. Kwa uzoefu wangu, mahali pa kutazama ni pale mteja anapoifanyia kampuni kazi yake. Kati ya wateja waliohojiwa, tuseme wawili walikuwa wamepiga picha lebo iliyo ndani ya friji, ukutani karibu na droo ya mboga, yenye namba ya modeli na namba ya mfululizo, ili wawe nayo tayari wakipiga simu. Mmoja alipiga picha ile barafu pia, na fundi alipofika akamwonyesha. Hakuna aliyewaomba. Picha hizo zilikaa kwenye simu zao siku tatu, na ndizo hasa alizozihitaji fundi kabla ya kupakia gari.

Wazo limeshajichora lenyewe. Mhudumu aulize maswali matatu: friza bado inagandisha? Unasikia feni ikizunguka ndani? Kuna barafu kwenye ukuta wa nyuma? Kisha amtumie mteja meseji ya kuomba picha ya lebo. Kama friza inagandisha na chini kuna joto, fundi aende na hita, kihisi joto na feni za modeli hiyo, kwa kuwa dalili hiyo mara nyingi hutokana na kimojawapo. Kazi ikiisha Alhamisi, saa 188 zinaondoka kwa mpigo mmoja, bila kuongeza fundi wala kumharakisha mtu.

Linganisha na mawazo ambayo yangetoka bila ramani: programu ya simu ya kufuatilia fundi, muziki mzuri zaidi kwenye laini, vocha ya kuomba radhi. Yote yanarembesha kungoja. Hata hivyo kuna kero ndogo ambayo dawa yake kweli ni taarifa tu: "Fundi atakupigia" ni ahadi isiyo na siku, na ndiyo iliyozaa simu ya Jumatano. Hesabu kwenye kumbukumbu ni simu ngapi huingia kuuliza "mmefikia wapi". Kila moja ni alama ya ahadi iliyoachwa wazi mahali fulani nyuma, na kuirekebisha ni suala la kumpa mhudumu ratiba ya mafundi aione.

Wazo likishapatikana ramani haitakwambia kama litafanya kazi. Kesi kumi zinaonyesha jambo linavyotokea, hazionyeshi linatokea mara ngapi. Rudi kwenye kesi zote za miezi iliyopita, hesabu zilizohitaji ziara mbili, na kati ya hizo zipi zilikuwa na dalili ya friza kugandisha huku chini kukiwa na joto. Ikiwa ni chache, umepata kero ya kweli lakini si ile ya kuanza nayo. Kisha jaribu na mafundi wachache na upime vitu viwili pamoja: kesi zilizoisha ziara ya kwanza, na vipuri vilivyorudi stoo bila kutumika. Cha pili kikipanda kupita kiasi, maswali matatu hayachuji vya kutosha. Na kuna matatizo ambayo hakuna picha itakayoyaonyesha. Gesi iliyovuja taratibu, kwa mfano, itabaki kuhitaji fundi na vifaa vyake vya kupimia.

Wasioonekana kwenye ramani

Ramani hii yote imetokana na kesi zilizofungwa, yaani wateja waliovumilia hadi mwisho. Aliyekata simu akiwa bado kwenye foleni hayumo. Aliyeona risiti imefifia, akajiambia "watanikatalia", akaita fundi wa mtaani kwa pesa yake, hayumo pia, na huenda yeye ndiye aliyeumia kuliko wote. Kuwapata kunahitaji orodha nyingine: namba zilizokata simu kabla ya kupokelewa, kesi zilizofungwa kwa maneno "mteja hapatikani", na watu walionunua friji lakini hawakuwahi kupiga. Piga simu kwa wachache wa kila kundi. Wachorewe mstari wao pembeni, unaokatikia walipoachia njia.

Na ramani ichorwe tena baada ya mabadiliko, kwa sababu kero huhama. Kwenye kesi yetu, ombi la picha ya lebo ni hatua mpya ambayo haikuwepo, na italeta kero zake: mzee asiyeweza kuinama hadi kwenye droo ya mboga, mteja mwenye simu isiyo na kamera, lebo iliyobanduka kwa unyevu. Kwa hao kesi isisimame ikingoja picha. Modeli inaweza kusomwa kwenye kumbukumbu za mauzo kwa namba ya simu ya mnunuzi, mradi duka liliiandika siku ya kuuza. Kama haikuandikwa, safari ya mteja huyu ilianza kuharibika siku hiyohiyo aliyolipa, na mwanzo wa ramani unapaswa kusogezwa hadi hapo.